Majibu ya nyuma ya kitabu: uyafungue kila swali, mwisho wa zoezi, au mstari kwa mstari?

Anayesoma peke yake hana mwalimu mwingine mezani ila kurasa za majibu. Na mwalimu huyo ana udhaifu mmoja mkubwa: ukimgusa tu, anakutajia jibu zima. Hakuulizi ulifikaje hapo, wala hakuonyeshi mahali ulipoteleza.

Nilipokuwa najifunza aljebra mwenyewe, nilijaza daftari zima kwa mtindo ambao sasa naujua kuwa ni kunakili, ingawa wakati ule niliuita kusahihisha. Nikikosa swali nilifuta, nikaandika jibu la kitabu, nikaweka tiki, nikasonga mbele. Baada ya wiki mbili nilirudia zoezi moja kwenye karatasi tupu. Maswali niliyoyakosa mwanzoni niliyakosa tena, na mengine kwa jibu lile lile la makosa. Kifutio kilikuwa kimesafisha daftari tu.

Tangu hapo nimetumia njia tatu za kujipima kwa majibu ya kitabu, na nimewaona wenzangu wanaojisomea wakizitumia. Ya kwanza ni kufungua majibu baada ya kila swali. Ya pili ni kumaliza zoezi zima ndipo ufungue. Ya tatu ni kufunika ukokotoaji uliomo kitabuni na kuufunua mstari mmoja mmoja. Zote zinaweza kukufundisha, na zote zinaweza kukugeuza mnakili. Ninazilinganisha hapa kwa mfano wa hesabu, kwa sababu kwenye hesabu kosa lina mahali pake na unaweza kuliwekea kidole.

## Tutazipima kwa lipi?

Vigezo ni vinne. Cha kwanza: njia inakusaidia kuona kosa lilipoanzia, au inakuambia tu kwamba umekosa? Cha pili ni kishawishi: wakati unafanya swali, majibu yako karibu kiasi gani na jicho lako? Cha tatu ni muda na uchovu, maana njia nzuri inayokuchosha hata ukaacha kusahihisha haina faida. Cha nne, ambacho kwangu kina uzito kuliko vyote, ni kinachobaki baada ya siku kadhaa.

Kigezo hicho cha nne kinahitaji maelezo kidogo, kwa sababu hisia zetu hutudanganya hapo. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baadhi walivisoma tena, wengine walijaribu kuvikumbuka bila kuviangalia. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma tena walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya siku 2 na baada ya wiki, waliojaribu kukumbuka ndio waliokuwa mbele. Kwa hiyo ukitazama jibu sahihi na moyo ukasema "Aa, kumbe! Hii naijua," usiuamini upesi. Unaijua kwa sababu iko mbele ya macho yako.

## Kabla ya njia: kosa lenyewe lifanyiwe nini

Njia zote tatu zinakutana mahali pamoja, pale jibu lako linapotofautiana na la kitabu. Tuchukue swali moja tulifuate hadi mwisho. Tuseme ni swali la 3 katika zoezi la maswali 12 ya milinganyo yenye mabano:

```
3(x − 4) − 2(x − 5) = 7
```

Mwanafunzi ameandika hivi:

```
3x − 12 − 2x − 10 = 7
x − 22 = 7
x = 29
```

Kitabu kinasema 9. Mnakili wa wazi anafuta 29 na kuandika 9. Yupo pia mnakili wa siri, na huyu ndiye niliyekuwa mimi. Anajua 9 ni jibu, anarudi juu kuchokonoa mistari mpaka itoe 9, anakuta akigeuza −10 kuwa +10 mambo yanakaa sawa, anasema "alama tu hiyo" na kuendelea. Ametengeneza mstari bila kujua kwa nini uliharibika.

Fanya hivi badala yake. Usifute chochote. Hakikisha kwanza nani amekosa, wewe au kitabu, kwa kurudisha majibu kwenye swali. Ukiweka 29 mahali pa x unapata 3 × 25 − 2 × 24, yaani 75 − 48, ambayo ni 27. Si 7. Ukiweka 9 unapata 3 × 5 − 2 × 4, yaani 15 − 8, ambayo ni 7. Kitabu kiko sahihi.

Sasa tafuta mstari wa kwanza ulioharibika, na hapa kuna mbinu ninayotamani ningeambiwa mapema. Chukua jibu sahihi uliweke kwenye kila mstari wako, ukianzia juu. Swali lenyewe linakubali 9, tumeshaona. Mstari wa kwanza wa mwanafunzi ukiwekewa 9 unakuwa 27 − 12 − 18 − 10, yaani −13, ilhali ulipaswa kuwa 7. Basi huna haja ya kuchunguza mistari ya chini. Kosa limetokea kati ya swali na mstari wa kwanza, wakati wa kufungua mabano. Jibu la kitabu, ambalo lingekuwa kitu cha kunakili, limekuwa tochi.

Andika chanzo kwa sentensi moja pembeni. "Uzembe" haitoshi, kwa kuwa haikuambii ufanye nini mara nyingine. Sentensi yenye kazi ni kama hii: "Nilizidisha −2 na x vizuri, lakini nilipofika kwenye −5 nikasahau kwamba alama ya kutoa inaingia nayo ndani; −2 mara −5 ni +10." Halafu funga kitabu, funika kazi yako ya zamani, ufanye swali upya kutoka mwanzo kwenye karatasi safi. Ukikwama, rudi kwenye sentensi yako kwanza, kitabu baadaye.

Mwisho jitungie au utafute swali la aina hiyo hiyo lenye namba nyingine, kwa mfano `5(x − 1) − 3(x − 6) = 21`. Jibu lake ni 4. Aliyerudia kosa la zamani atapata 22, namba nzima safi isiyo na sehemu. Hilo lina somo lake, kwa sababu wengi wetu huamini kwamba jibu likiwa zuri machoni basi ni sahihi. Weka alama kwenye swali la 3 ili ulirudie baada ya siku 2 au 3 bila kutazama popote.

Kazi hiyo inachukua kama dakika 8 au 10 kwa kosa moja. Ni nyingi, na ndiyo maana uamuzi wa lini ufungue majibu una maana.

## Njia ya kwanza: swali moja, jibu moja

Unafanya swali la 1, unatazama jibu la 1, unaendelea na la 2.

Kosa linaonekana? Linaonekana likiwa bado bichi. Bado unakumbuka ulichokuwa unafikiria ulipoandika −10, kwa hiyo ile sentensi ya chanzo inaandikika kwa urahisi. Katika zoezi letu, tuseme maswali ya 3, 5, 8 na 11 yote yana alama ya kutoa mbele ya mabano. Ukilikamata kosa kwenye la 3, umejiokoa kulizoea mara tatu zaidi. Udhaifu ni kwamba kosa moja, ukiliona peke yake, hufanana na bahati mbaya. Ni rahisi kulipuuza kwa sababu hujaona ndugu zake.

Kishawishi. Hapa ndipo njia hii inapoumia zaidi. Majibu huchapishwa yakiwa yamebanana: 1) 4, 2) −3, 3) 9, 4) 6, vyote kwenye mstari mmoja. Ukitazama la 3, jicho limeshaokota la 4. Ukifanya swali la 4 huku 6 iko kichwani, hujui tena kama umefika kwa miguu yako au umevutwa. Dawa yake ni nyepesi. Kata kitundu kwenye karatasi ngumu kinachotosha jibu moja, uitelezeshe juu ya ukurasa. Na majibu yafungwe kila baada ya kutazama. Yakibaki wazi kando ya daftari, yatatazamwa.

Muda na uchovu. Kila kufungua kunakatiza mawazo, lakini kazi ya kusahihisha inagawanyika vipande vidogo, hivyo mtu mwenye dakika 20 tu anaweza kumaliza alichoanza. Anayeacha katikati haachi rundo la maswali yasiyosahihishwa.

Kinachobaki. Kidogo kuliko unavyohisi. Baada ya kusahihisha la 3, swali la 5 utalipata kwa sababu masahihisho bado yana moto. Hiyo ni kumbukumbu ya dakika 10 zilizopita. Kuna hasara nyingine pia, ambayo huonekana taratibu: mtu akizoea kuambiwa papo hapo kama amepata, huacha kujikagua. Harudishi tena jibu kwenye swali, kwa kuwa kitabu kinamkagulia. Siku ya mtihani kitabu hakipo, na mkono haujui kufanya kazi hiyo.

Inamfaa nani? Anayeanza mada leo na ana maswali 3 au 4 ya kwanza ya kuijaribu. Pia anayejifunza vitu visivyo na hatua ndani yake, kama maana za maneno au majina ya viungo vya mwili, ambako huna mstari wa kuufuatilia na unachohitaji ni kujua upesi kama umepata.

## Njia ya pili: maliza zoezi, ndipo ufungue

Majibu yanabaki yamefungwa mpaka swali la mwisho liwe na jibu, hata kama jibu lenyewe ni la kubahatisha.

Kosa linaonekana? Kosa moja moja linaonekana kwa shida kidogo zaidi, kwa sababu saa nzima imepita na huenda umesahau ulichofikiria. Ndiyo maana njia hii inadai uandike kila mstari. Aliyefungua mabano kichwani hana cha kuchunguza. Lakini inakupa kitu ambacho ile ya kwanza haiwezi kukupa: umbo la makosa. Ukifungua majibu ukakuta umekosa la 3, la 5, la 8 na la 11, usianze kusahihisha. Yapange kando kwa kando uyatazame. Yana nini ambacho mengine hayana? Alama ya kutoa mbele ya mabano. Ghafla makosa manne yamekuwa kosa moja, na "bahati mbaya" imekuwa jambo ambalo hulielewi. Unafanya ile kazi ya dakika 10 kwa swali la 3 pekee, kisha unarudia hayo mengine matatu kama mazoezi bila kutazama chochote.

Kuna nyongeza ndogo ninayoipenda kuliko zote, nayo inawezekana vizuri kwenye njia hii. Kabla ya kufungua majibu, andika kando ya kila swali herufi moja: H kama una hakika, N kama unadhani, B kama umebahatisha. Ukishasahihisha, tazama kwanza H zilizokosewa. Mwaka 2001 Brady Butterfield na Janet Metcalfe walionyesha jambo ambalo wengi wasingelitarajia: kosa ambalo mtu alikuwa na hakika nalo, akishapewa jibu sahihi, hurekebishika kwa urahisi zaidi kuliko kosa alilolijibu kwa kusitasita. Mshtuko unamfanya asikilize. Lakini mshtuko huo unaupata tu ukiwa umejifunga kwa maandishi kabla. Usipoandika H, ukishaona 9 utajiambia kwamba hata hivyo ulikuwa na wasiwasi.

Na B zilizopatwa? Zihesabu kama makosa. Najua inauma kujinyima tiki, lakini ile tiki si yako.

Kishawishi. Wakati wa kufanya, ni kidogo sana, hasa ukiyaweka majibu chumba kingine au ukiyabana kwa klipu. Kishawishi kinakusubiri mwishoni. Umechoka, una makosa matano, na ukurasa wa majibu uko wazi wote. Hapo ndipo mtu anapohesabu "7 kati ya 12", ananakili yale matano kwa kalamu nyekundu na kwenda kulala. Kalamu nyekundu inampa hisia ya kazi iliyofanyika.

Muda na uchovu. Ndiyo njia nzito kuliko zote. Ukitenga saa 1, usiitumie yote kufanya maswali. Dakika 35 za kufanya na 25 za kusahihisha ni mgawo wa kuanzia, na kama mada bado inakutoa jasho, fanya maswali 5 au 6 tu badala ya 12. Ukiona muda umekwisha na makosa yapo, funga vyote ukasahihishe kesho kuliko kunakili leo. Kesho utalazimika kusoma kazi yako kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine, na makosa ya mtu mwingine tunayaona haraka.

Kinachobaki. Zaidi, kwa sababu swali la 11 ulilifanya bila msaada wa kumbukumbu ya moto. Ukilipata, ni lako. Upande wa pili wa shilingi ni kwamba kama hujaelewa, umelirudia kosa mara nne kwa hakika kamili. Kwa mtu mwenye msingi, mara nne hizo ni ushahidi anaoutumia. Kwa asiye na msingi, zinaanza kuwa mazoea.

Inamfaa nani? Aliyekwisha kuielewa mada na anapata zaidi ya nusu ya maswali. Anayejiandaa kwa mtihani. Na yule anayejijua kwamba hawezi kukaa na majibu karibu bila kuchungulia.

## Njia ya tatu: funika, jaribu, funua

Hii inahitaji kitabu chenye ukokotoaji kamili. Kama kina namba ya mwisho tu, tumia mifano iliyokokotolewa mwanzoni mwa sura. Unaifunika kwa karatasi, unasoma swali, unaandika mstari wako wa kwanza na kusema kwa sauti kwa nini, kisha unashusha karatasi mstari mmoja na kulinganisha.

Kosa linaonekana? Kuliko njia nyingine yoyote. Mwanafunzi wetu angeandika `3x − 12 − 2x − 10 = 7`, akashusha karatasi, akakuta +10. Kosa halijapata nafasi ya kushuka hadi mstari wa tatu.

Ila kuna tahadhari: mstari wako kutofanana na wa kitabu hakumaanishi umekosa. Mwingine angeweza kuongeza 2(x − 5) pande zote mbili kwanza na kuandika `3(x − 4) = 7 + 2(x − 5)`. Kitabu hakina mstari huo, lakini ni halali kabisa. Kwa milinganyo ya aina hii, iweke 9 humo: kushoto 15, kulia 7 + 8, nayo ni 15. Mstari unasimama. Aliyezoea kunakili angefuta njia yake nzuri na kufuata ya kitabu kwa sababu tu imechapwa.

Kishawishi. Karatasi ni nyepesi, na kuishusha mistari miwili badala ya mmoja ni rahisi mno. Lakini hatari kubwa ni ile ya kusoma tu. Mtu anateremka na ukokotoaji, kila mstari anautikisia kichwa, anafika chini akiwa ameridhika. Kufuata njia ya mwenzako si sawa na kuijua. Kinga ni kile kitendo cha kuandika na kutaja sababu kabla ya kushusha. Ukijikuta unashusha ili ujue cha kuandika, umeanza kunakili, na ni vizuri ulitambue hapo hapo.

Muda na uchovu. Kwa swali moja inachukua muda, lakini kwa anayeanza huokoa saa nzima za kukwama. Mwaka 1985 John Sweller na Graham Cooper walichapisha majaribio yao ya aljebra: wanafunzi waliopewa mifano iliyokokotolewa wakaisoma pamoja na kufanya maswali walikuja kuyafanya maswali yanayofanana na hayo kwa haraka na kwa makosa machache kuliko walioachwa wayasake wenyewe. Tafiti zilizofuata zimeonyesha pia kwamba faida hiyo hupungua kadiri mtu anavyopata ujuzi, na hatimaye mifano inaweza kumrudisha nyuma.

Kinachobaki. Inategemea kama unaondoa msaada kidogo kidogo. Swali la kwanza funua kila mstari. La pili funua mstari wa kwanza tu. La tatu usifunue chochote mpaka mwisho. Anayebaki kwenye hatua ya kwanza kwa wiki nzima atajua kusoma ukokotoaji vizuri sana, na karatasi tupu itaendelea kumtisha.

Inamfaa nani? Anayekosa zaidi ya nusu, au anayetazama swali bila kujua aanzie wapi. Pia yule ambaye amelirudia swali mara mbili kwa njia nyingine na bado haoni kosa lake.

## Majibu yenyewe yana mipaka

Kitabu nacho hukosea. Majibu yaliyochapwa vibaya yapo, na anayenakili hawezi kamwe kuyagundua. Kama jibu lako linakubaliwa na swali na la kitabu halikubaliwi, simama na lako, uandike hivyo pembeni.

Kuna pia jibu sahihi lililopatikana kwa njia mbovu. Mfano unaojulikana ni wa sehemu 16/64. Mtu anakata 6 ya juu na 6 ya chini, anabaki na 1/4, anafungua majibu na kukuta 1/4. Tiki. Lakini akifanya hivyo hivyo kwa 13/36 atapata 1/6, ambayo si kweli. Kwa hiyo mara moja moja chukua swali ulilopata, hasa lenye herufi B, ujiulize kama njia yako ingefanya kazi na namba nyingine.

Kwa maswali ya maelezo, kurasa za majibu hukupa hoja tu, wala si maneno unayopaswa kuyatumia. Pigia mstari kila hoja ya kitabu, tafuta mwenzake kwenye jibu lako, na ile isiyo na mwenzake ndiyo kosa lako. Ukinakili aya nzima utapoteza kujua ni hoja ipi ulikuwa huna.

## Ukiwa katika hali gani, uchague ipi

Kama umefungua sura mpya na maswali mawili ya kwanza yamekushinda hata kuanza, nenda na njia ya tatu kwa mifano 2 au 3, ukiondoa msaada kila mara. Ukifikia mahali unapoanza mwenyewe bila kushusha karatasi, hamia ya kwanza kwa maswali machache, ukitumia karatasi yenye kitundu. Ukipata matatu mfululizo, funga majibu na umalizie zoezi kwa njia ya pili.

Kama mtihani uko wiki 3 mbele na mada umeshazipitia, tumia njia ya pili karibu muda wote, na zile H zilizokosewa ziwe orodha yako ya kurudia. Usianze zoezi jipya siku ambayo orodha hiyo haijaguswa.

Kama una vipande vya dakika 15 au 20 tu kwa siku, njia ya kwanza inakufaa kuliko mazoezi marefu yasiyofika kwenye masahihisho. Ila tenga kipande kimoja katika kila vinne kwa ajili ya kurudia maswali uliyoyakosa siku za nyuma, majibu yakiwa yamefungwa.

Kama unasoma na mwenzako, badilishaneni madaftari baada ya njia ya pili. Yeye ashike majibu, akuambie tu "mstari wa kwanza hauko sawa," asikutajie jibu. Hilo moja linaondoa kishawishi chote, na halihitaji mwenzako awe amekuzidi.

Na kama unafungua daftari lako la mwezi uliopita na kukuta tiki tupu, bila hata 29 moja iliyoachwa wazi na sentensi pembeni yake, chagua maswali 5 humo usiku wa leo, uyafanye kwenye karatasi tupu. Idadi utakayoipata itakuambia uanze na njia ipi.